Nakala ya Mkataba na Orodha ya Vyombo vya Nyumba

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu wasiweze kufika.)

Ndugu wanachama,

Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme leo juu ya nyumba za kupanga ambazo ndani yake mna vyombo vya mwenye nyumba: kitanda, kochi, friji, jiko la gesi na kadhalika. Zamani mfanya kazi aliyehamishwa alibeba godoro lake na sanduku lake juu ya basi, na mambo yakaisha. Siku hizi wengi wetu tunapelekwa kazini mahali pengine kwa miezi sita au mwaka mmoja, na kuhamisha nyumba nzima kwa lori ni gharama kubwa, basi tunapanga nyumba yenye vyombo. Hapana ubaya. Lakini katika malalamiko ya nyumba yanayofika mezani petu, mengi hayatoki kwenye kodi. Yanatoka kwenye amana, ile ambayo wengi huiita diposti, na karibu kila mara chanzo chake ni siku ile ya kwanza, siku ya kupewa ufunguo.

Tutawaeleza kisa cha mwanachama wetu mmoja, kwa ruhusa yake. Jina lake hatulitaji, wala la wakala wala la mwenye nyumba, kwa maana shauri limekwisha.

Ndugu huyu ni fundi wa mitambo. Alipelekwa Mombasa kwa kazi ya miezi kumi, akapata nyumba ya vyumba viwili yenye vyombo kwa kodi ya Shs. 22,000/- kwa mwezi. Alilipa kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja, jumla Shs. 44,000/-, kwa M-Pesa, akaenda ofisini kwa wakala kutia sahihi. Mkataba ulikuwa karatasi nne, nakala moja tu. Wakala alimwonyesha mahali pa kutia sahihi, akatia. Mwenye nyumba hakuwapo. Akaambiwa, "Mzee akija kutia sahihi yake, tutakutengenezea nakala." Kifungu kimoja cha mkataba kilisema kwamba mpangaji atarudisha vyombo vyote "vilivyo katika orodha iliyoambatanishwa". Ndugu yetu aliyasoma maneno hayo, akauliza orodha iko wapi. Jibu likawa lile lile: itakuja pamoja na nakala.

Nakala haikuja. Mwezi wa kwanza aliuliza mara mbili kwa mdomo, mwezi wa pili mara moja, kisha kazi ikamshika, akaacha. Miezi kumi ilipokwisha akatoa taarifa, akasafisha nyumba, akarudisha ufunguo, akangojea amana yake. Badala ya fedha alipokea hesabu. Kochi la watu watatu lililopasuka, Shs. 9,000/-. Godoro lenye doa, Shs. 6,500/-. Viti viwili vya meza vilivyopotea, Shs. 3,000/-. Pazia lililoungua, Shs. 2,500/-. Kupaka rangi, Shs. 4,000/-. Jumla Shs. 25,000/-. Yaani amana yote imekwisha, na bado anadaiwa Shs. 3,000/-.

Ndugu yetu alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini hasira si ushahidi. Tulikaa naye ofisini tukaichukua hesabu ile jambo moja moja. Pazia alikubali: aliliunguza yeye mwenyewe kwa pasi. Viti, alisema, vilikuwa viwili tangu siku ya kwanza, wala havikupata kuwa vinne. Kochi lilikuwa limepasuka nyuma alipoingia. Godoro alilikuta na doa. Rangi hakujua habari yake kabisa.

Tukamwandikia wakala tukitaka nakala ya mkataba na orodha. Sasa zikaja upesi, kwa kuwa zilimfaa yeye. Mkataba ulikuwa na kifungu kinachosema mpangaji atapaka rangi vyumba vyote atakapotoka. Orodha nayo ilisema: "Kochi 1, zuri. Godoro 1, zuri. Viti vya meza 4." Orodha ile haikuwa na sahihi ya mtu yeyote wala tarehe. Iliandikwa lini? Hatuwezi kusema. Lakini nasi hatukuwa na karatasi ya kuijibu.

Lililomwokoa ni jambo dogo. Siku aliyoingia alipiga picha mbili kwa simu akampelekea mkewe nyumbani, apate kuona mahali bwana wake anapokaa. Picha moja ilionyesha meza na viti viwili tu. Ya pili ilionyesha kochi kwa upande wa nyuma, na pale palipopasuka palionekana. Tarehe ilikuwa imo ndani ya simu ya mkewe. Tulipoziweka mezani, wakala akaondoa kochi na viti, jumla Shs. 12,000/-. Zikabaki Shs. 13,000/- za godoro, pazia na rangi, na ndugu yetu akarudishiwa Shs. 9,000/- katika amana yake ya Shs. 22,000/-.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Pazia, Shs. 2,500/-, lilikuwa deni lake la halali. Godoro, Shs. 6,500/-, alililipia kwa sababu hakuna aliyepiga picha ya godoro bila shuka. Na rangi, Shs. 4,000/-, aliilipia kwa sababu hakuwa na nakala ya kumkumbusha. Lau angalijua wiki mbili kabla ya kutoka, angaliwaita mafundi watatu, akapata bei nafuu, au angalizungumza na mwenye nyumba. Hayo ndiyo malipo ya kukosa karatasi mbili.

Basi tuzitazame karatasi hizo moja moja.

Ya kwanza ni nakala ya mkataba. Wengine hudhani kwamba bila mkataba ulioandikwa mpangaji si mpangaji. Si hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inakubali kupangisha kwa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, hata kwa maneno ya mdomo. Ukilipa kodi kila mwezi na kukaa, wewe ni mpangaji. Shida ni masharti. Mkikubaliana kwa mdomo, masharti hukaa katika kumbukumbu za watu wawili. Mkiandika na karatasi ikabaki kwa mmoja, masharti hukaa katika kabati la huyo mmoja, nawe umeyatia sahihi. Hapo huenda umekuwa dhaifu kuliko yule aliyekubaliana kwa mdomo.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye hivi. Kabla ya kutia sahihi, sema, "Naomba tutie sahihi nakala mbili, moja yako, moja yangu." Hilo ndilo lililo bora, kwa maana kila mmoja anaondoka na karatasi yenye wino. Ikiwa wakala amechapa moja tu, nendeni pamoja dukani pa fotokopi kabla hamjaachana. Ni dakika kumi na shilingi chache. Wakati wa kuomba ni kabla ya fedha kutoka, si baada yake. Mwenye kungojea amana yako hukusikiliza kuliko mwenye kuishika.

Ukipewa nakala, usiikunje na kuitia mfukoni bila kuitazama. Hesabu karatasi: ikiwa mkataba una kurasa nne, ziwe nne. Tazama kama mwenye nyumba ametia sahihi, au wakala kwa niaba yake, na kama pana jina na sahihi ya shahidi aliyeona. Sheria ya Mapatano, Sura ya 23, inataka mapatano ya kutoa haki katika ardhi au nyumba, yakiandikwa, yatiwe sahihi na pande zote na yashuhudiwe. Nakala yenye sahihi yako peke yako inaonyesha tu kwamba wewe umekubali. Haionyeshi kwamba mwenye nyumba amekubali lolote. Tazama na tarehe. Kisha utafute kila neno linalosema "iliyoambatanishwa", na kila mahali unapoliona, uliza: iko wapi? Kama haipo, andika kwa kalamu kando ya kifungu kile, kabla ya kutia sahihi: "Orodha haikuwapo siku ya sahihi", na mtie herufi za majina yenu wote wawili. Ndugu yetu wa Mombasa angaliandika maneno hayo matano, ile orodha isiyo na tarehe isingalikuwa na nguvu yoyote.

Karatasi ya pili ni orodha ya vyombo. Hapa wengi hufanya orodha, lakini orodha isiyosaidia. Ukiandika "viti, meza, jiko, vyote vizuri", umemwandikia mwenye nyumba ushahidi dhidi yako mwenyewe. Orodha njema huenda chumba kwa chumba, na kwa kila kitu husema mambo matatu: ni vingapi, ni vya namna gani, na viko katika hali gani. Kwa mfano: "Sebuleni. Viti vya mbao vya meza 2. Kimoja mguu umelegea. Kochi la watu watatu la kitambaa cha kahawia 1. Limepasuka nyuma, urefu wa shubiri moja. Chumba cha kulala. Godoro 1, doa la rangi ya chai upande wa chini." Mtu akisoma maneno hayo baada ya mwaka mmoja ataona kile ulichokiona wewe.

Lifunue godoro. Lisogeze kochi. Fungua makabati na droo. Vitu vinavyotumia umeme au gesi usiviandike kwa kuvitazama tu, viwashe. Friji liache liwake mpaka ujue linagandisha, na utazame kama mpira wa mlango unashika. Jiko, washa kila mahali pa moto. Mtungi wa gesi, andika ni wa kilo ngapi, ni wa nani, na ulikuwa na gesi au mtupu. Soma mita ya maji na uandike tarakimu, usije ukalipia maji ya aliyekutangulia. Mita ya umeme ikiwa ni ya tokeni, andika nambari yake na kiasi kilichobaki. Mwisho, hesabu funguo, maana kufuli mpya nayo hukatwa katika amana.

Kisha picha. Piga picha ya kila chumba kutoka pembe mbili, na picha ya karibu ya kila kasoro uliyoiandika. Usizikalie. Mpelekee wakala siku ile ile, ili tarehe ibaki katika simu yake pia. Picha iliyo katika simu yako peke yako inaweza kupotea pamoja na simu, na mtu anaweza kusema uliipiga baadaye.

Ikiwezekana, wakala au keateka azunguke nawe, na mwishoni wote wawili mtie sahihi kila karatasi. Lakini twajua kwamba mara nyingi hakuna anayekuja. Hapo usingoje. Fanya orodha yako mwenyewe katika siku mbili tatu za kwanza, uipeleke pamoja na barua ya kuomba nakala ya mkataba.

Tunayo barua ya namna hiyo, iliyoandikwa na dada yetu mmoja, karani wa hesabu, alipopanga nyumba yenye vyombo Eldoret. Alikuwa ametia sahihi bila kupewa nakala, kama yule ndugu wa Mombasa, lakini hakuuliza kwa mdomo. Siku ya nne aliandika. Ametupa ruhusa kuisoma, nasi tumeondoa majina:

"Kwa Bwana Wakala. Salamu.

Tarehe 29 Aprili nilitia sahihi mkataba wa nyumba yenu, nikalipa amana ya Shs. 15,000/- na kodi ya Mei Shs. 15,000/-. Risiti ninazo. Nakala ya mkataba sikupewa, wala sikuonyeshwa orodha ya vyombo inayotajwa katika kifungu cha tisa.

Naomba mnipe, kabla ya tarehe 9 Mei, nakala kamili ya mkataba, kurasa zote, yenye sahihi ya mwenye nyumba, yangu, na ya shahidi. Na orodha ya vyombo, ili tuihakikishe pamoja ndani ya nyumba na kuitia sahihi.

Naambatanisha orodha niliyoifanya mwenyewe tarehe 1 Mei, siku niliyoingia, pamoja na picha kumi na nane nilizokupelekea kwa simu siku hiyo hiyo. Kama mnaona kosa lolote katika orodha yangu, tafadhali niambieni kabla ya tarehe hiyo ili tusahihishe. Nitapatikana nyumbani jioni yoyote baada ya saa kumi na moja.

Wako, mpangaji."

Angalieni namna ya barua hii. Haina matusi wala vitisho. Inataja tarehe, fedha na kifungu. Inaomba vitu viwili tu, inaweka siku ya mwisho, na inarahisisha kazi ya wakala kwa kumpa saa ya kuja. Aliitengeneza nakala mbili. Moja akampa mpokezi ofisini, na ya pili akaomba igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokewa. Hiyo ya pili ndiyo aliyokaa nayo.

Wakala alikuja. Walizunguka pamoja, wakabishana juu ya glasi na sufuria, wakahesabu tena, wakasahihisha mahali pawili, wakatia sahihi. Na alipoisoma nakala ya mkataba kwa utulivu, dada yetu akaona jambo ambalo hakuliona ofisini: taarifa ya kuhama ilikuwa miezi miwili, naye aliambiwa mwezi mmoja. Akauliza. Wakala akakiri kwamba karatasi ile ilichapwa kwa ajili ya nyumba nyingine. Wakakata neno "miwili" kwa wino, wakaandika "mmoja", wakatia herufi za majina yao kando, katika nakala zote mbili. Lau angaligundua siku ya kuhama, kosa hilo lingalimgharimu Shs. 15,000/-.

Huenda mtu akauliza: je, wakala asipojibu? Tuseme kweli. Barua isiyojibiwa haigeuki kuwa mapatano kwa sababu tu mwenzako amenyamaza. Lakini inaonyesha kwamba mwanzoni kabisa, kabla hapajakuwa na ugomvi, wewe ulisema hali ya nyumba ilikuwa hivi, ukampa nafasi ya kupinga, naye hakupinga. Mwamuzi atakayesikia shauri atapima neno lako la siku ya kwanza na neno lake la siku ya mwisho. Andika barua ya pili baada ya wiki moja, fupi, ukitaja ile ya kwanza, kisha uziweke pamoja.

Sasa jambo la uchakavu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali ile ile iliyokuwa nayo mwanzo, lakini halazimishwi kutengeneza uchakavu wa kawaida, yaani kule kuchakaa kunakotokana na matumizi ya kila siku. Sikilizeni maneno hayo: hali iliyokuwa nayo mwanzo. Sheria yenyewe inakurudisha siku ya kwanza, na asiye na orodha hana siku ya kwanza ya kuonyesha. Maneno hayo ya sheria yanahusu nyumba yenyewe; kwa habari ya vyombo, tazama mkataba wako unasemaje, na kama hausemi, omba maneno "isipokuwa uchakavu wa kawaida" yaongezwe katika kifungu cha vyombo. Omba pia umri wa vitu vikubwa uandikwe. Kochi lililotumika miaka saba likipasuka, si haki mtu kudai bei ya kochi jipya. Lakini utajuaje ni la miaka saba kama halikuandikwa?

Kuna na upande wa pili ambao wengi hawaufikirii. Katika nyumba yenye vyombo, vitu vyako na vya mwenye nyumba vinakaa pamoja. Ukiingia na televisheni yako, feni yako na masufuria yako, andika orodha fupi ya vitu hivyo pia, mtie sahihi chini ya ile nyingine, na utunze risiti za kununulia. Siku ya kutoka, mtu asije akasema feni ni ya nyumba. Zaidi ya hayo, mkichelewa kodi, Sheria ya Kukamata Mali kwa Kodi, Sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kutuma dalali mwenye leseni akamate mali kwa deni. Siku hiyo si siku ya kuanza kubishana kitu gani ni cha nani.

Wanachama wanaokaa katika nyumba za mwajiri wasidhani maneno haya hayawahusu. Mwajiri akikupa nyumba yenye kitanda na kabati, omba orodha vile vile, kwa maana hapo fedha haikatwi katika amana, inakatwa katika mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, lakini ni ikiwa mfanya kazi amefanya hivyo kwa kusudi. Ukiona makato ya namna hiyo katika karatasi yako ya mshahara, mletee mwakilishi wako wa chama karatasi hiyo pamoja na orodha, na usingoje mwezi wa pili.

Mwisho, mahali pa kulalamika. Wazee wetu watakumbuka Baraza la Kodi za Nyumba, ambalo nguvu zake zatokana na sheria ya mwaka 1959. Sheria hiyo inahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake halali haizidi Shs. 2,500/- kwa mwezi, ziwe na vyombo au zisiwe navyo, wala haihusu nyumba za mwajiri. Kwa hiyo nyumba nyingi tunazozisema leo ziko nje yake. Lakini kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi Shs. 1,000,000/-, yakiwamo madai ya fedha zako zilizoshikwa na mtu mwingine. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na mahakama hiyo imewekewa siku sitini za kumaliza shauri. Huko hutapewa nafasi ya kusema siku nzima. Utaulizwa una nini mkononi. Mwenye mkataba, orodha yenye sahihi, risiti na barua iliyogongwa muhuri atakuwa amekwisha kusema nusu ya shauri lake.

Basi, ndugu, kwa wale wanaohama mwezi huu, tunasema hivi. Ofisi ya tawi inayo mashine ya kuchapia, na tumechapa karatasi tupu ya orodha, chumba kwa chumba, pamoja na barua ile ya Eldoret yenye nafasi za kujaza majina na tarehe. Mwanachama yeyote aje achukue, bila malipo, kabla hajapokea ufunguo. Na wale ambao tayari wamo ndani ya nyumba na hawana nakala wala orodha, wasione kwamba wamechelewa. Waandike orodha leo, waitie tarehe ya leo, si ya siku waliyoingia, kwa maana karatasi ya uongo humharibia hata mwenye haki. Orodha ya mwezi wa tatu haishindi ya siku ya kwanza, lakini yashinda kutokuwa nayo kabisa siku ya kutoka.

Wenye maswali na wabaki. Tutakaa hapa mpaka zamu ya usiku iingie.